Friza iko hewani au imekufa? Maswali kuhusu ujumbe uliohifadhiwa na wosia katika MQTT

Ukurasa huu ni wa mafundi na wenye biashara wanaofuatilia friza za samaki kwa simu. Mifano yote imejengwa juu ya mpango mmoja. Kuna friza Likoni, Mji wa Kale na Kongowea, huko Mombasa, na kila moja ina kifaa cha ESP32 chenye kihisi cha joto cha DS18B20 ndani yake. Kifaa hutuma joto kila dakika kwa MQTT, itifaki ya vifaa kupeana jumbe fupi, kwenda kwa broka ya Mosquitto, yaani programu inayopokea na kugawa jumbe, iliyo kwenye seva ya kukodi, na mwenye mali anaona yote kwenye dashibodi. Swali linalotuletea simu nyingi kuliko jingine lolote ni hili: ile alama ya kijani inayosema kifaa kiko hewani ina ukweli kiasi gani?

Dashibodi inaonyesha nyuzi 18 chini ya sifuri. Si inatosha kujua kwamba kifaa kinafanya kazi?

Haitoshi. Namba ile ni ya mara ya mwisho kifaa kilipozungumza. Kifaa kikifa saa nane usiku, dashibodi itaendelea kuonyesha 18 chini ya sifuri hadi asubuhi, kwa sababu hakuna aliyeiambia vinginevyo. Samaki wanaweza kuwa wameshaanza kuyeyuka huku namba imetulia tuli.

Wengi hujaribu kuziba pengo hili kwa kuhesabu muda: zikipita dakika tatu bila joto jipya, alama igeuke nyekundu. Njia hiyo inasaidia kidogo, lakini ina udhaifu mmoja mkubwa. Anayefungua dashibodi sasa hivi hajui chochote kuhusu dakika zilizopita. Inambidi angoje ujumbe unaofuata, na kwa kifaa kilichokufa ujumbe huo hauji.

Ujumbe uliohifadhiwa unafanya nini hasa?

Kwa kawaida broka haiweki ujumbe. Inaupokea, inawapa wanaosikiliza topiki ile, yaani anwani ambayo ujumbe umetumwa, wakati huo, kisha inausahau. Ujumbe ukitumwa na alama ya `retain`, broka inawapa wasikilizaji waliopo na pia inaweka nakala yake. Yeyote atakayejiunga na topiki hiyo baadaye, hata wiki ijayo, anapewa nakala papo hapo.

Kila topiki huhifadhi ujumbe mmoja tu, ule wa mwisho. Mpya ukija na `retain`, wa zamani unaondoka. Ni sawa na ubao mdogo wa mlangoni wenye nafasi ya mstari mmoja: kila anayeandika anafuta kwanza kilichokuwepo. Tabia hiyo ya kufuta ndiyo tutakayoitegemea.

Na wosia?

Kifaa kinapojiunga na broka hutuma paketi ya `CONNECT`. Ndani ya paketi hiyo kinaweza kuacha wosia: topiki fulani, maneno fulani, na kama maneno hayo yahifadhiwe au la. Broka inaukunja na kuuweka. Muunganisho ukikatika bila kifaa kuaga, broka inausoma wosia huo kwa niaba yake. Kifaa kikiaga kwa paketi ya `DISCONNECT`, wosia unatupwa bila kusomwa.

Zingatia kwamba kifaa hakihitaji kufanya lolote wakati wa kufa. Kifaa ambacho umeme umekikatikia hakina nafasi ya kusema "nazimika". Andy Stanford-Clark na Arlen Nipper walipoibuni MQTT mwaka 1999, kazi yao ilikuwa vifaa vya mabomba ya mafuta vilivyounganishwa kwa setilaiti, mbali na fundi yeyote. Huko anayebaki hai ndiye wa kutoa habari, na anayebaki hai ni broka.

Kwa nini lazima vitumike vyote viwili, tena kwenye topiki moja?

Kwa sababu kila kimoja peke yake kinadanganya.

Chukua ujumbe uliohifadhiwa bila wosia. Kifaa kinaandika `hewani`, kinakufa, na neno `hewani` linabaki milele. Hapo umeihifadhi habari ya uongo na unampa kila anayefungua dashibodi. Sasa chukua wosia usiohifadhiwa. Broka inatangaza `haipo`, waliokuwa wanatazama wanaona, lakini mwenye mali anayefungua simu dakika kumi baadaye hapati tangazo hilo. Anachopata ni `hewani` ya zamani, kwa kuwa wosia haukuifuta.

Ukiuweka wosia kwenye topiki ileile ambayo kifaa huandikia `hewani`, nao ukiwa na `retain`, mambo yananyooka. Wakati wowote topiki ina neno moja tu, na neno hilo ni la mwisho kusemwa, ama na kifaa chenyewe ama na broka kwa niaba yake. Kwa maktaba ya PubSubClient ni mistari hii:

```cpp
client.setKeepAlive(30);
const char* hali = "samaki/likoni/friza03/hali";
if (client.connect("friza-likoni-03", jina, siri,
                   hali, 1, true, "haipo")) {
  client.publish(hali, "hewani", true);
}
```

Ile `true` ya kwanza inauhifadhi wosia, na ya pili inaihifadhi `hewani`. Tukiitwa kuangalia dashibodi inayodanganya, hapo ndipo tunapotazama kwanza, na mara nyingi moja kati ya hizo mbili imesahauliwa. Angalia pia mpangilio: `hewani` inatumwa baada ya kuunganishwa, kila mara kifaa kinapounganishwa upya. Ukiituma mara moja tu ndani ya `setup()`, mtandao ukikatika na kurudi kifaa kitabaki `haipo` huku kinafanya kazi.

Nimechomoa plagi, mbona alama ya kijani imekawia kubadilika?

Kwa sababu broka haikuambiwa kitu. Waya umekufa kimya, na upande wa broka kimya hicho hakina tofauti na kifaa kisicho na la kusema. Kinachoamua ni `keepalive`, yaani muda ambao kifaa kimeahidi kutokaa kimya kuuzidi. Kikiwa hakina data ya kutuma, kinatuma paketi ndogo ya `PINGREQ` kuonyesha kwamba kipo. Broka inavumilia mara moja na nusu ya muda huo tangu paketi ya mwisho iliyoipokea, halafu inakata na kusoma wosia.

Kwa `keepalive` ya sekunde 30, uvumilivu ni sekunde 45. Ukichomoa plagi mara tu baada ya paketi kutoka, utangoja karibu sekunde 45 zote. Ukichomoa wakati paketi ya mwisho ilitoka nusu dakika iliyopita, utangoja kama sekunde 15. Kwa friza ya samaki hilo halina madhara, kwani joto halipandi kwa sekunde.

Usishawishike kuweka sekunde 5 ili dashibodi iwe nyepesi. Mtandao wa laini ya simu ukizubaa sekunde nane tu, kifaa kizima kitatangazwa kimekufa. Na usiweke sifuri, maana sifuri huzima ulinzi huu kabisa, na wosia wa kifaa kilichokatikiwa na umeme unaweza usisomwe kwa muda mrefu sana.

Jambo jingine la kuchunga ni `delay()`. PubSubClient hutuma `PINGREQ` pale tu programu inapoita `client.loop()`. Ukiandika `delay(60000)` kati ya kipimo na kipimo, kifaa hakitumi chochote kwa dakika nzima, broka inakikata kwenye sekunde ya 45, kisha kinajiunga tena. Dalili yake haifichiki: alama inageuka nyekundu na kijani kila dakika, kwa mpigo uleule. Dawa ni kupima muda kwa `millis()` na kuiacha `loop()` izunguke.

"Fundi, mbona friza yangu ni nyekundu na joto linaingia kila dakika?"

Swali hili lilitoka kwa mama mmoja wa Likoni, na linastahili kufuatwa hatua kwa hatua, kwa sababu hapa wosia umefanya kazi yake sawasawa na bado jibu likawa baya.

Kifaa chake kilikuwa kinajiunga na broka kwa jina la kubahatisha, kama ilivyo kwenye mfano mmoja maarufu unaokuja na maktaba yenyewe. Kila kikiwaka kilijipa jina jipya. Umeme uliruka kwa sekunde moja hivi. Ruta ilikuwa na betri yake, kwa hiyo haikuzimika, ila ESP32 ilizimika na kuwaka. Mtiririko wa tukio la aina hii, kwa saa za logi, unakwenda hivi.

Saa 14:02:00 broka inapokea paketi ya mwisho kutoka `friza-8a3f`. Saa 14:02:05 umeme unaruka. Saa 14:02:15 kifaa kimeshaamka, kinajiunga kwa jina la `friza-c17e` na kuandika `hewani`. Broka sasa inaamini ina wateja wawili tofauti, maana yule wa kwanza hakuaga. Saa 14:02:45 uvumilivu kwa yule wa kwanza unaisha, na kwenye logi unaona:

```
Client friza-8a3f has exceeded timeout, disconnecting.
```

Broka inausoma wosia wa marehemu, na wosia huo unaandika `haipo` kwenye topiki ya friza ileile, juu ya `hewani` iliyoandikwa nusu dakika kabla. Kifaa kipya hakijui kwamba neno lake limefutwa, na hakina sababu ya kuliandika tena. Alama inabaki nyekundu hadi muunganisho ukatike siku nyingine. Dalili ndiyo hiyo aliyoitaja mama: topiki ya `hali` inasema `haipo`, na topiki ya `joto` inapata namba mpya kila dakika.

Dawa ni jina moja la kudumu kwa kila kifaa. Kiwango cha MQTT kinaitaka broka, ikipokea mteja mwenye jina ambalo tayari limo, iukate muunganisho wa zamani kwanza. Saa 14:02:15 logi ingesema:

```
Client friza-likoni-03 already connected, closing old connection.
```

Hapo wosia wa zamani unasomwa kabla kifaa kipya hakijaandika `hewani`, na neno la mwisho linakuwa la aliye hai. Nyekundu inaweza kupepesa kwa sekunde moja, basi. Kama kupepesa huko kunaita king'ora usiku, iambie dashibodi ingoje sekunde 20 kabla ya kupiga kelele. MQTT 5 ina kipengele cha kuuchelewesha wosia kwenye broka yenyewe, lakini PubSubClient inaishia 3.1.1, kwa hiyo kwa vifaa hivi kazi hiyo ni ya dashibodi.

Friza mbili zinapokezana kuwa kijani na nyekundu. Ni mtandao?

Kagua majina kwanza. Vifaa viwili vilivyopakiwa programu ileile vina jina lilelile, na kila kimoja kikijiunga kinamfukuza mwenzake. Logi itajaa `already connected`. Mpe kila kifaa jina linalotokana na anwani yake ya MAC, ambayo haibadiliki kikizimwa na haifanani na ya kifaa kingine.

Nikikizima kifaa kwa utaratibu, nifanye nini zaidi?

Andika `haipo` yenye `retain` kabla ya kuita `client.disconnect()`. Ukiaga bila kuandika, wosia unatupwa na `hewani` inabaki ubaoni.

Je, kifaa cha betri kinacholala na kuamka kila robo saa?

Hapa wosia haufai sana. Kifaa kinaamka, kinatuma, kinaaga vizuri na kulala. Betri ikiisha kikiwa usingizini, hakuna muunganisho wa kukatika wala wosia wa kusoma. Kwa vifaa hivyo weka saa ya kipimo ndani ya ujumbe wa joto, uuhifadhi, na dashibodi ihesabu umri wake. Kilichokosa kuamka mara mbili mfululizo ni cha kufuatiliwa.

Broka yenyewe ikianguka, nani anasoma wosia?

Hakuna. Huu ndio mpaka wa mpango wote, na ni vizuri kuujua kabla haujakukuta.

Seva ikizimika ghafla, wosia zote zinanyamaza. Dashibodi iliyokuwa wazi inabaki na rangi za mwisho, kwa hiyo sharti la kwanza ni kwamba dashibodi ikipoteza muunganisho wake na broka, igeuze friza zote kuwa kijivu. Rangi ya kijani kwenye dashibodi iliyokatika haina maana yoyote.

La pili limejificha zaidi. Mosquitto inayosakinishwa kutoka hazina ya Debian au Ubuntu huja na `persistence true`, maana yake jumbe zilizohifadhiwa zinaandikwa kwenye diski na kurudishwa broka inapowaka. Uandikaji huo, usipobadilisha kitu, hufanyika kila sekunde 1800, yaani nusu saa. Sasa fikiria friza ya Kongowea imekufa dakika tano kabla ya seva kuanguka, au imekufa wakati seva iko chini. Seva ikirudi inasoma diski na kutangaza `hewani` kwa kifaa kisichokuwepo. Muunganisho hakuna, wosia hakuna, na hakuna kitakacholirekebisha neno hilo hadi kifaa chenyewe kirudi.

Mimi naona kwamba kama broka yako inahifadhi hali na vipimo vya mwisho tu, ni bora kuuzima uhifadhi wa diski:

```
persistence false
```

Broka ikiwaka itakuwa na ubao mtupu. Vifaa vilivyo hai vitajiunga upya vyenyewe na kuandika `hewani`, kwa vile miunganisho yao nayo ilikatika. Vilivyokufa havitaandika kitu. Dashibodi iwe na orodha yake ya friza zote, na ile isiyo na ujumbe wa hali ionyeshwe "haijulikani" kwa rangi ya kijivu. Ukiwa na sababu nyingine ya kuhitaji diski, fanya hivyo kwa kujua kwamba baada ya seva kuanguka hali zote ni za kushukiwa kwa dakika chache.

"Hewani" inathibitisha nini, na nini haithibitishi?

Inathibitisha kwamba kuna muunganisho kati ya kifaa na broka ambao haujakaa kimya kuzidi muda ulioahidiwa. Haithibitishi kwamba kihisi kinapima. Waya wa DS18B20 ukikatika ndani ya friza, kifaa kitakuwa hewani na maktaba ya DallasTemperature itarudisha 127 chini ya sifuri. Ukiona 85 kamili, hiyo ni namba ambayo kihisi huwaka nayo kabla hakijapima chochote. Zote mbili zizuie zisifike kwenye dashibodi kama joto, zitume kama hitilafu.

Pia kuna maktaba ambazo MQTT inaendeshwa na kazi yake ya pembeni, kama ile ya ESP-IDF. Huko programu ya kupima inaweza kukwama na `PINGREQ` zikaendelea kutoka. Ndiyo maana topiki ya joto inahitaji saa ndani yake hata kama wosia uko sawa. Kijani chenye kipimo cha dakika arubaini zilizopita ni kifaa cha kwenda kukitazama.

Kwa upande mwingine, `haipo` haisemi friza imezimika. Inaweza kuwa ruta, bando lililoisha, au mtu aliyechomoa chaja ya ESP32 ili achaji simu. Kama kifaa na friza viko kwenye soketi moja bila betri, chukulia umeme umekatika hadi uthibitishe vinginevyo, kwa sababu hilo ndilo linalogharimu.

Nitajaribuje kabla ya kumkabidhi mteja?

Fungua dirisha la amri kwenye seva na usikilize hali zote:

```
mosquitto_sub -h localhost -u jina -P siri -t 'samaki/+/+/hali' -F '%r %t %p'
```

Namba ya mwanzo wa mstari ni 1 ikiwa ujumbe umetoka kwenye hifadhi, na 0 ikiwa umefika sasa hivi. Chomoa plagi ya kifaa, usibonyeze kitufe chochote cha programu, na ungoje. Ndani ya sekunde 45 unapaswa kuona mstari wa 0 wenye `haipo`. Kisha funga amri hiyo na uifungue upya. Sasa uone `haipo` ileile ikianza na 1. Ikikosekana, au ikija `hewani`, wosia wako hauna `retain`. Mwisho chomoa na kurudisha plagi haraka, ndani ya sekunde kumi, halafu kaa uangalie kwa dakika mbili. Jaribio hili ndilo linaloumbua majina ya kubahatisha, na ndilo ambalo watu huliruka.

Friza imeuzwa lakini bado iko kwenye dashibodi. Inaondokaje?

Ujumbe uliohifadhiwa hufutwa kwa kutuma ujumbe mtupu wenye `retain` kwenye topiki ileile:

```
mosquitto_pub -h localhost -u jina -P siri -t 'samaki/likoni/friza03/hali' -r -n
```

Rudia kwa topiki ya `joto`, na uitoe friza hiyo kwenye orodha ya dashibodi. Kizime kifaa kwanza na ungoje wosia wake usomwe, la sivyo topiki itaandikwa tena.